Swichi ya Kibodi Hupimwa Inapoachiwa

Katika Counter-Strike, mchezaji anayekimbia hapigi shabaha: risasi zake hutawanyika mpaka asimame. Akiwa anaelekea kushoto, huachia kitufe cha A na papo hapo kugusa D ili asimame ghafla, kisha hufyatua. Kitendo hicho ni cha kufumba na kufumbua, na ndicho kinachozipambanua swichi za kibodi.

Katika kibodi za mekanika, kila kitufe kina swichi yake: springi, shina la plastiki na vibati viwili vinavyogusana kitufe kikishuka. Nyingi hufuata rangi za kampuni ya Kijerumani, Cherry. Nyekundu hushuka kwa ulaini, kwa nguvu ya gramu 45 hivi, na herufi huingia kwenye milimita 2 kati ya 4 za safari nzima. Kahawia ina kinundu ambacho kidole hukihisi njiani. Bluu ina kinundu na mlio.

Wanunuzi wengi huuliza ni swichi ipi inayoshika haraka. Kwa mpiga risasi, muhimu zaidi ni inayoachia haraka. Mtu mwenye swichi ya bluu anaweza kujaribu mwenyewe: abonyeze polepole mpaka isikike “tik”, ainue kidole kidogo tu, abonyeze tena. Herufi ya pili haitokei, kwa sababu kipande kinachotoa mlio hakirudi mahali pake mpaka kitufe kipande juu zaidi ya pale kiliposhikia. Vitani, muda huo A bado inahesabika kuwa imebonyezwa wakati kidole kimeshaanza kuondoka. Nyekundu huachia karibu na pale iliposhikia, lakini ikikandamizwa hadi chini, bado ina takribani milimita 2 za kupanda.

Wooting ya Uholanzi iliiondoa safari hiyo kwa sumaku. Sumaku hukaa kwenye shina, na kihisi kilicho chini yake hupima kina cha kitufe wakati wote. Ukiwasha Rapid Trigger, kitufe huhesabika kimeachiwa mara kinapoanza kupanda, hata kwa milimita 0.2, popote kilipo. Hilo linaruhusiwa. Kilichopigwa marufuku na Valve mwaka 2024 kwenye seva zake za Counter-Strike 2 ni kibodi kumwamulia mchezaji kati ya A na D.

Kwenye uandishi wa kila siku, wepesi huohuo ni kero. Vidole vya mwandishi hupumzika juu ya vitufe, na swichi inayoshika mapema mno hujaza ukurasa herufi zisizoitwa. Kahawia humfaa zaidi: kinundu humjulisha kwamba herufi iko karibu kuingia, hivyo halazimiki kugonga hadi chini. Bluu humjulisha vizuri zaidi, ila na jirani wa meza ya pili anajulishwa pia, ibaki nyumbani. Anayecheza na kuandika kwa kibodi moja ya sumaku aweke mipangilio miwili: kina kifupi cha mchezo, na milimita 2 za kuandikia, Rapid Trigger ikiwa imezimwa.