HDR: Namna Televisheni Inavyojua Ibadili Mwanga Wake

Picha ya video huifikia televisheni ikiwa namba. Kila nukta ya kioo hupewa namba zake, nayo televisheni huzigeuza kuwa mwanga kwa kufuata kanuni iliyokubaliwa. Katika picha ya kawaida, yaani SDR, kanuni hiyo ilirithiwa kutoka kwa televisheni za zamani zenye kisogo. Namba ya juu kabisa humaanisha tu "ng'aa kadiri uwezavyo". Studio huiandaa picha hiyo kwa mwangaza wa juu wa niti 100 hivi, niti moja ikiwa ni kandela moja kwa kila mita ya mraba.

HDR hubadili kanuni yenyewe. Katika kanuni iitwayo PQ, iliyosanifishwa mwaka 2014, kila namba hutaja kiasi maalumu cha mwanga, kuanzia giza hadi niti 10,000. Namba ya katikati ni sawa na niti 100 hivi, na ile ya robo tatu hukaribia niti 1,000. Karibu nusu nzima ya namba imetengewa sehemu hafifu za picha kwa sababu jicho hutambua tofauti ndogo zaidi gizani kuliko penye mwanga mkali. Ngazi 256 za video ya biti 8 hazitoshi kwa upana huo, kwani anga la jioni lingeonekana lina mistari. Ndiyo maana HDR hutumia angalau biti 10, yaani ngazi 1,024.

HDR10, HDR10+ na Dolby Vision zote hutumia PQ. Zinatofautiana katika maelezo yanayoambatana na picha. Tuseme filamu nzima ni ya usiku, isipokuwa tukio moja la nyumba inayoungua, ambapo moto hufikia niti 1,000. Televisheni ya sebuleni inaweza kutoa niti 400 tu, hivyo ni lazima ipunguze. HDR10 huipa maelezo ya aina moja kwa filamu yote, na televisheni inayoyategemea huweza kufifisha hata matukio ya usiku yasiyohitaji kupunguzwa. HDR10+ na Dolby Vision hutoa maelezo mapya kila tukio linapobadilika, kwa hiyo upunguzaji hufanyika penye moto tu. HLG, iliyobuniwa na BBC na NHK kwa ajili ya matangazo, haihitaji maelezo hayo, na televisheni ya SDR nayo huweza kuionyesha kwa namna inayokubalika.

Televisheni haiangalii uzuri wa picha ili kuamua kuingia HDR. Husoma lebo. Kifaa kinapounganishwa kwa waya wa HDMI, kwanza televisheni hukitangazia aina za HDR inazozielewa. Filamu ya HDR10 inapoanza, kifaa hulinganisha orodha hiyo na filamu, kisha hutuma picha pamoja na kifurushi kidogo cha taarifa kinachotaja kanuni ya PQ. Televisheni ikikisoma, kioo huweza kuwa cheusi kwa muda mfupi, alama ya HDR hutokea pembeni, na mipangilio ya picha hubadilika kuwa ile ya HDR. Filamu ikiisha na lebo ikatoweka, televisheni hurudi SDR. Kwa programu zilizomo ndani ya televisheni yenyewe, lebo husomwa moja kwa moja kutoka kwenye video.

Lebo ikipotea njiani, picha huwa ya kijivu na rangi zake hupauka. Ule moto wa niti 1,000 una namba ya robo tatu tu, na televisheni inayofuata kanuni ya SDR haiuoni kuwa mkali sana. Giza nalo huinuliwa kupita kiasi. Picha ya namna hiyo bila alama ya HDR ni dalili kwamba kanuni imekosewa.

Kosa jingine huanzia kwenye tundu la HDMI. Televisheni nyingi huhitaji tundu husika liwashiwe uwezo kamili katika mipangilio. Bila hivyo, kifaa hutangaziwa kwamba HDR haipo, nacho hutuma SDR kimyakimya. Vilevile, picha ya 4K ya fremu 60 kwa sekunde yenye biti 10 hubeba data nyingi, na waya dhaifu huifanya ikatike au kioo kizime na kuwaka.

Baadhi ya vifaa hutuma kila kitu kama HDR, hata taarifa ya habari iliyorekodiwa kwa SDR, na alama huonekana muda wote. Apple TV ina mpangilio wa Match Dynamic Range, unaofanya kifaa kifuate aina halisi ya video.

Kwa hiyo, alama ya HDR huonyesha kanuni inayofuatwa tu. Televisheni ya niti 300 huionyesha sawasawa na ya niti 1,500, lakini moto wa filamu ile ile hautawaka sawa katika hizo mbili.