Siku 365 Bila Ajali: Asante Iandikweje?

Getini mwa viwanda vingi hutundikwa ubao wenye namba inayobadilishwa kila asubuhi, kuonyesha siku zilizopita tangu ajali kubwa ya mwisho. Namba ikifika 365, meneja huandika barua ya shukrani, karatasi moja tu yenye pongezi na ahadi ya pilau. Barua hiyo inaweza kuuharibu mwaka unaofuata.

Tuseme ni kiwanda cha biskuti chenye watu 240, cha mfano tu. Kwanza meneja aeleze anahesabu nini. Viwanda vingi huita ajali kubwa ile inayoua, inayokata kiungo, inayomlaza mtu hospitali au kumkosesha zamu inayofuata. Halafu atazame saa, kwa maana siku peke yake hazisemi mengi. Watu 240 wakifanya saa 45 kwa wiki, kikomo cha kawaida katika sheria ya kazi ya Tanzania, kwa wiki 50 wanatimiza saa 540,000. Karakana ya watu 10 itatimiza saa 22,500 tu, na mwaka wake safi unaweza kuwa bahati. Na vibarua je? Wale wanaopakua magunia ya ngano na kusafisha mashine usiku ndio walio karibu zaidi na hatari, na ndio wanaosahaulika kwenye hesabu. Mwaka usiowahesabu haujatimia.

Kisha kuna pilau. Zawadi ikifungwa kwenye sifuri, siku ya 350 mtu akijikata kidole atakifunga kitambaa na kunyamaza, kwa kuwa wenzake 239 wanamtazama. Msimamizi naye atamwita mwenye mguu uliovimba aje akae ofisini apange karatasi, ili zamu isihesabiwe kuwa imekosekana. Hapo kinachopungua ni habari za ajali. Dalili yake huonekana kwenye sanduku la huduma ya kwanza: plasta na bandeji zinaisha kila mwezi, lakini daftari la majeraha ni jeupe. Mimi ningeomba risiti za plasta kabla ya kuomba takwimu yoyote.

Hata hesabu ya kweli inaweza kudanganya. Tarehe 20 Aprili 2010, viongozi wa BP na Transocean walikuwa kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Meksiko. Miongoni mwa yaliyowapeleka ni kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila jeraha la kumkosesha mtu kazi. Usiku huohuo kisima kililipuka na watu 11 wakafa. Miaka saba ile ilipimwa kwa walioteleza na waliobanwa vidole. Haikusema lolote kuhusu saruji ya kisima, wala kuhusu kipimo cha shinikizo ambacho siku ile kilisomwa vibaya na kazi ikaendelea.

Basi barua ishukuru walichokifanya watu, na iseme wazi kilichobaki. Kwa kiwanda chetu cha biskuti ingeweza kusomeka hivi:

"Ndugu wafanyakazi, tangu Januari hadi Desemba tumefanya kazi saa 540,000, vibarua wakiwemo, na hakuna aliyelazwa wala kukosa zamu kwa kuumia. Walioumia kidogo ni 14, wengi wao wakikatwa na makali ya trei za tanuri. Mmetuletea taarifa 61 za ajali zilizonusurika. Mwezi Juni mwenzetu alikuwa ameingiza mikono kwenye roli za kinyunga, mwingine wa zamu mpya akabonyeza swichi. Mashine haikuwaka, kwa sababu umeme ulikuwa umekatwa, kufuli liko kwenye swichi kuu na ufunguo mfukoni mwa msafishaji. Asanteni kwa kulifunga kufuli hilo hata siku oda ilipochelewa. Asante pia kwa fundi aliyesimamisha mstari wa pili saa mbili nzima kwa sababu kinga ya mnyororo ilikuwa imelegea. Trei 40 zenye makali bado hazijabadilishwa. Hilo ni deni la ofisi, nasi tutalilipa kabla ya Machi."

Namba 14 na 61 ndizo watakazozikumbuka. Aliyejikata amejiona kwenye barua bila kulaumiwa, na aliyetoa taarifa amejua kuwa ilisomwa. Mwakani taarifa zikishuka kutoka 61 hadi 5, meneja asifurahi haraka. Ashuke ghalani akaulize zimekwenda wapi.

Pilau iliwe, ila isifungwe kwenye sifuri: iwe ya taarifa zilizoletwa na kasoro zilizorekebishwa. Na barua isibaki kwenye ubao wa ofisini. Isomwe kwa sauti mwanzoni mwa kila zamu, ile ya usiku ikiwemo, mashine zikiwa zimezimwa.