Msimbo wa QR Kwenye Wasifu: Usiiamini Simu Yako Peke Yake

Mchora ramani za majengo anayetafuta kazi Dar es Salaam ana tabu moja: ramani zake hazienei kwenye karatasi ya A4. Basi anaziweka mtandaoni, anatengeneza msimbo wa QR, anauweka kwenye wasifu wake, kisha anauskani kwa simu yake. Folda inafunguka. Anatoa nakala zake na kuzipeleka maofisini. Huko, ofisa ajira anaelekeza kamera na kukutana na ukurasa unaomtaka aombe ruhusa kwanza.

Msimbo wenyewe hauna kosa. Folda mpya ya Google Drive huzaliwa imefungwa: chini ya "General access" pameandikwa "Restricted", yaani anaingia mwenyewe na wale aliowataja tu. Kwenye simu ya mchoraji ilifunguka kwa sababu simu hiyo tayari imo ndani ya akaunti yake. Anapaswa kubadilisha hapo iwe "Anyone with the link" na kuacha "Viewer", ili mgeni atazame bila kugusa kitu. Halafu ajaribu tena akiwa kama mgeni, kwa dirisha la "Incognito" la Chrome, au bora zaidi kwa simu ya mtu asiyehusika kabisa, inayotumia bando na si Wi-Fi. Hapo ndipo atakapogundua pia kwamba faili lake la MB 60 halimalizi kufunguka. Ofisa mwenye rundo la wasifu mezani hatalisubiri.

Likishatatuliwa hilo, kuna suala la karatasi. Msimbo wa QR ni miraba midogo, na kadiri anwani inavyokuwa ndefu ndivyo miraba inavyoongezeka na kubanana. Kiungo cha folda ya Drive kina herufi zaidi ya 80, hivyo msimbo wake huwa na miraba kama 37 au 41 kila upande. Ukichapwa kwa upana wa sentimita 2, kila mraba unabaki na takriban nusu milimita. Printa nzuri inaumudu. Lakini wasifu ukitolewa fotokopi kwenye mashine ya steshenari yenye wino uliochoka, miraba inaungana na kamera inakodoa macho bure. Ukurasa mmoja wa Google Sites, ambao ni wa bure na jina lake unalichagua mwenyewe, hutoa anwani ya herufi kama 40. Msimbo unashuka hadi miraba 29, na kila mraba unanenepa. Ramani chache bora zinatosha kujaza ukurasa huo, na hata hapo hakikisha umeuchapisha kwa watu wote.

Faida nyingine ni kwamba anwani fupi inaweza kuandikwa chini ya msimbo na mtu akaiandika kwa mkono kwenye kompyuta. Maneno ya buluu yasemayo "Bofya hapa" hayana kazi kwenye karatasi. Ondoa pia mstari wa chini ya anwani, maana unaficha alama ya _ kabisa.

Mahali pa kuuweka nako kuna hesabu yake. Pembe ya juu kushoto ndiyo inayopigwa stepla, na ukingo wa kushoto ndio unaotobolewa kwa ajili ya faili. Msimbo unaweza kuvumilia doa dogo, ila tundu likipita kwenye mojawapo ya miraba mitatu mikubwa ya pembeni, mara nyingi hausomeki tena. Uweke juu kulia, mweusi juu ya nyeupe, na uuachie nafasi tupu pande zote yenye upana wa miraba minne. Mapambo ya rangi hafifu mimi ningeyaacha. Yakipita kwenye fotokopi hugeuka kijivu.

Kisha toa fotokopi ya fotokopi, kwa sababu ndiyo itakayofika mezani kwa wasaili, na uiskani jioni chini ya taa ya kawaida kwa simu mbili tofauti, moja ikiwa ya bei ndogo.

Mtego wa mwisho uko kwenye tovuti zinazotengeneza misimbo. Baadhi hazifichi anwani yako ndani ya msimbo, bali anwani yao, ambayo ndiyo inayomwelekeza msomaji kwako. Muda wa majaribio ukiisha, anatua kwenye tangazo la malipo. Utaitambua kabla ya kuchapa: kamera huonyesha anwani kabla ya kuifungua, na hapo panapaswa kusomeka yako, neno kwa neno. Chrome ya kompyuta hutengeneza msimbo usioisha muda kupitia "Create QR Code". Ukurasa wenyewe usiufute wala kuubadilisha jina wasifu ukishatoka mikononi mwako. Ramani mpya ziingie palepale, kwenye anwani ileile iliyoko kwenye majalada ya maofisi.