Seva Ikizimwa na Kuwashwa Tena: Cheti cha RHCSA Kinamwambia Nini Mwajiri?

Meneja anayetafuta msimamizi wa seva hupokea wasifu nyingi, na karibu zote zinadai kwamba mwombaji anaijua Linux. Nyingine zimeambatanishwa na vyeti, lakini vyeti hivyo havilingani. Mtihani wa LPIC-1, kwa mfano, ni wa kuchagua jibu au kujaza neno. RHCSA ya kampuni ya Red Hat ni wa vitendo mtupu: mtahiniwa hukabidhiwa mashine na orodha ya kazi, akaachwa afanye kwa takriban saa tatu bila intaneti. Msaada wake ni maelezo yaliyomo ndani ya mfumo wenyewe. Jumla ya alama ni 300, na anayefikisha 210 amefaulu.

Sharti linaloupa mtihani huu uzito ni kwamba kila alichokirekebisha mtahiniwa lazima kibaki kikifanya kazi baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa tena, bila mtu kuigusa. Usahihishaji hufanyika baada ya hapo.

Tuchukue kazi moja ya aina inayoweza kumkuta msimamizi yeyote. Anaambiwa seva ya tovuti, iitwayo `httpd`, ipokee wageni kupitia lango namba 82 badala ya 80. Anabadilisha namba kwenye faili la mipangilio, anaiwasha, nayo inagoma. Kumbukumbu za mfumo zinasema `Permission denied`, ingawa yeye ndiye mwenye mamlaka yote kwenye mashine. Asiyekomaa ataanza kuhangaika na ruhusa za mafaili, na hatapata kitu huko. Anayezuia ni SELinux, mlinzi wa ndani wa mfumo, ambaye ana orodha ya malango yaliyoruhusiwa kwa tovuti, na 82 haimo.

Njia ya mkato ni amri `setenforce 0`, inayomlegeza mlinzi huyo. Tovuti ikiwashwa tena, inakubali papo hapo, na mtahiniwa anaendelea na kazi nyingine akiwa na furaha. Lakini mashine ikiwashwa upya, SELinux inarudi na ukali wake na tovuti inakufa. Suluhisho linalodumu ni hili:

```
semanage port -a -t http_port_t -p tcp 82
firewall-cmd --permanent --add-port=82/tcp
firewall-cmd --reload
systemctl enable --now httpd
```

Amri ya kwanza inaliingiza lango 82 kwenye orodha ya mlinzi. Ya pili na ya tatu zinaufungua ukuta wa ulinzi wa mtandao. Bila neno `--permanent`, uwazi huo ungefutika mashine inapozimwa. Ya mwisho inaiwasha tovuti sasa hivi na kuagiza iwake yenyewe kila mara. Aliyeandika `start` pekee ataiona ikifanya kazi leo, na umeme ukikatika usiku, asubuhi wateja hawataikuta.

Basi meneja anapoiona RHCSA, anajua mwombaji huyu, peke yake na saa ikimkimbiza, aliweza kuacha kazi inayodumu. Namba ya cheti inaweza kuhakikiwa kwa Red Hat, na tarehe iangaliwe, kwa kuwa cheti hukaa hai miaka 3.

Hata hivyo, mtihani huangalia matokeo ya mwisho tu. Hauoni kama mtu aliufikia ufumbuzi kwa kufikiri au kwa kukariri mazoezi yanayofanana. Mashine ya mtihani pia haina wateja, haina data ya kupotea, wala haina mipangilio ya ajabu iliyoachwa na msimamizi aliyehama bila kuandika chochote. Kazini, hayo ndiyo ya kila siku.

Kwa hiyo usaili uanzie pale mtihani ulipoishia. Meneja aandae mashine ya majaribio, aiharibu kama tulivyoona hapo juu, kisha amwombe mwombaji aitengeneze huku akieleza kwa sauti anachofanya. Asikilize mpangilio wa mawazo: je, alisoma kumbukumbu kwa `journalctl` kabla ya kubadilisha chochote? Alihifadhi nakala ya faili la mipangilio? Akimzima SELinux, anaweza kueleza hatari yake? Mwishoni amuulize angefanyaje kama seva hiyo ingekuwa inahudumia wateja saa nne asubuhi, na nani angepaswa kuarifiwa kabla ya kuizima. Mwenye cheti aliyekiva atayajibu haya bila kutafuta maneno. Aliyekariri ataitengeneza mashine, lakini akiulizwa kwa nini ilikuwa imegoma, hatakuwa na jibu, na mtu wa namna hiyo bado anahitaji kufanya kazi chini ya msimamizi mzoefu kabla ya kuachiwa seva.