Programu Inatoa Jibu Sahihi, Alama Zimeenda Wapi?

Kila muhula, baada ya matokeo ya mazoezi ya programu kubandikwa, simu za wahadhiri huanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Mwalimu, mbona umenikata alama na programu yangu inafanya kazi?" Swali ni la haki. Mwanafunzi amekesha na kompyuta, jibu limetoka, kisha anakuta 13 kati ya 20. Tatizo ni kwamba ujumbe ulioandikwa hivyo haumpi mhadhiri pa kushika. Hautaji zoezi wala mstari, na unamsukuma ajitetee kabla hajafungua faili.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma lugha ya C. Ameagizwa aandike programu ya kutafuta wastani wa alama tano, na kiini cha kazi yake ni hiki:

```c
int jumla, i;
for (i = 0; i < 5; i++)
    jumla = jumla + alama[i];
printf("Wastani: %.1f\n", jumla / 5.0);
```

Anaingiza 62, 70, 55, 81 na 47. Jumla ni 315, na kompyuta yake inaandika 63.0. Anarudia mara kadhaa, jibu ni lile lile. Amekatwa alama 5 kwenye mstari wa kwanza, na alama 2 nyingine kwa "muundo wa jibu". Badala ya kulalamika kwenye kundi la darasa, anamwandikia mhadhiri barua pepe:

"Shikamoo Mwalimu. Samahani kwa kukusumbua. Mimi ni mwanafunzi wako wa kundi la Jumatano. Jina na namba yangu ya usajili viko hapo chini. Katika zoezi la tatu nimepata 13 kati ya 20, na ninaomba kueleweshwa mambo mawili. La kwanza, nimekatwa alama 5 kwenye kigeu cha jumla. Nimeiendesha tena kwa 62, 70, 55, 81 na 47, nimepata 63.0, na nilipokokotoa kwa mkono nimepata hivyo hivyo. Huenda kuna kitu sijakiona, naomba unielekeze. La pili, nimekatwa alama 2 za muundo. Karatasi ya zoezi inaagiza tarakimu moja baada ya nukta, nami nimeandika moja. Nimeambatisha faili ile ile niliyowasilisha, sijaigusa. Ukipata nafasi, naweza kuja ofisini muda wako wa kuonana na wanafunzi. Ahsante sana Mwalimu."

Heshima ya ujumbe huu haiko kwenye shikamoo peke yake. Iko pia katika kumrahisishia mhadhiri kazi. Mwenye wanafunzi mia mbili hakumbuki nani aliandika nini, lakini hapa ana namba ya zoezi, mahali penyewe, data iliyoingizwa na jibu lililotoka, kwa hiyo anaweza kulirudia jaribio lile lile mezani kwake. Kuambatisha faili ya awali kuna uzito kuliko wengi wanavyodhani. Anayetuma faili aliyokwisha kuirekebisha anaomba alama za kazi ambayo hakuiwasilisha, hata kama nia yake ni safi.

Kuna hoja moja ambayo mwanafunzi huyu ameiacha, na amefanya vyema: "Mwenzangu ameandika kama mimi na amepata zote." Hoja hiyo humponza mwenzake, kwa sababu mhadhiri anaweza kuifungua ile kazi nyingine, akaona kosa lile lile, akakata na huko. Tena inazua swali jipya la nani alinakili kwa nani.

Turudi kwenye zile alama 5. Kigeu cha `jumla` kimetangazwa bila kupewa thamani ya kuanzia. Katika C, kigeu kilichotangazwa ndani ya funksheni hakianzi na sifuri. Kinapewa nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, na chochote kilichoachwa hapo na kazi iliyotangulia ndicho kinachosomwa. Kwa mwanafunzi, nafasi ile ilikuwa na sifuri, jambo ambalo hutokea mara nyingi, kwa kuwa mfumo endeshi huipa programu mpya kumbukumbu iliyofutwa ili isisome siri za programu nyingine. Sehemu ambayo bado haijatumiwa hubaki na sifuri zake.

Kwenye kompyuta ya maabara mambo yakawa tofauti. Nafasi ile ile ilikwisha kutumiwa na msimbo unaotangulia programu kuanza, ikabaki na 32764, kipande cha anwani ya kumbukumbu. Ongeza 315, unapata 33079. Gawa kwa 5, wastani wa mwanafunzi unakuwa 6615.8. Msimbo ni ule ule na data ni ile ile, lakini jibu ni la ajabu. Kanuni za lugha ya C hazimhakikishii mtu chochote anaposoma thamani ambayo hakuiweka, kwa hiyo kompyuta zote mbili ziko ndani ya kanuni.

Ndiyo maana kosa hili ni gumu kuligundua kwa kuendesha programu tu. Hata kuongeza mstari mmoja wa `printf` kunaweza kubadilisha kilichomo katika nafasi ile, jibu baya likapotea au likajitokeza. Njia ya uhakika zaidi ni kuiomba kompaila itoe maonyo:

```
gcc -Wall -O2 wastani.c
```

Hapo kwa kawaida hutoka onyo linalomtaja `jumla` pamoja na neno `uninitialized`. Onyo halizuii programu kutengenezwa, kwa hiyo ni rahisi kulipita bila kulisoma. Java haina huruma hiyo: kosa kama hili hukataliwa kabla programu haijaendeshwa, na aliyeanza na Java huweza kuhamia C akidhani bado analindwa. Tiba yenyewe ni fupi, `int jumla = 0;`.

Je, alama 5 ni nyingi mno kwa kosa la herufi chache? Hapo mwanafunzi ana haki ya kuuliza, mradi swali lake liegemee mwongozo wa usahihishaji. Kama mwongozo unatenga alama kwa vigeu kupewa thamani ya kuanzia, mhadhiri ameufuata. Kama hautaji jambo hilo popote, kuna mazungumzo ya kufanya. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, programu inayotegemea bahati ya kumbukumbu haistahili alama zote, lakini mwanafunzi alistahili kuandikiwa sababu kwa sentensi moja badala ya kuachiwa mstari mwekundu.

Zile alama 2 ni habari nyingine. Kazi nyingi za programu husahihishwa kwa skripti inayolinganisha jibu la mwanafunzi na jibu lililoandaliwa, herufi kwa herufi. Kwa skripti hiyo 63.0 na 63.00 ni vitu viwili tofauti. Katika mfano wetu, jibu lililoandaliwa lina tarakimu mbili ilhali karatasi ya zoezi iliagiza moja. Mhadhiri akiilinganisha na karatasi anaona mara moja kwamba kosa ni la upande wake, tena halikumgusa mwanafunzi mmoja: kila aliyefuata maagizo amekatwa. Anairekebisha skripti, anaiendesha upya kwa darasa zima, na alama za mwandishi wa barua pepe zinapanda kutoka 13 hadi 15. Zile 5 zinabaki zilipo, safari hii zikiwa na maelezo, na mwaliko wa kuja ofisini kuiona 6615.8 kwa macho yake.