Bamba Hupewa Sifa, Povu Hufanya Kazi

Jumapili soko la Kibuye hapa Kisumu hufurika, na kwenye mafungu ya viatu vya mitumba kuna neno moja linalopandisha bei: kaboni. Muuzaji hushika raba kwa mikono miwili na kujaribu kuikunja. Ikigoma, anakutazama kama mtu aliyeshinda kesi. "Bosi, hii iko na kaboni." Huenda anasema kweli, ila amepima kitu kisicho na uzito mkubwa.

Ukikimbia kutoka Dunga kuelekea mjini, kila hatua mwili wako unashuka kidogo, mguu unaikandamiza soli, kisha unajisukuma tena. Soli ikishaminywa, hurudisha sehemu ya nguvu uliyoiweka, na inayobaki hupotea kama joto. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Colorado walipokijaribu kiatu cha kwanza cha Vaporfly, waliona povu lake likirudisha takriban asilimia 87 ya nguvu hiyo. Viatu viwili vya mashindano walivyolinganisha navyo vilirudisha asilimia 76 na 66. Wakimbiaji 18 waliovivaa walitumia nishati pungufu kwa wastani wa asilimia 4. Kasi haiongezeki kwa kiasi hichohicho, kwa sababu anayekwenda mbio sana hupambana pia na upepo, lakini kwenye kilomita 42 hata asilimia 2 ni dakika kadhaa.

Povu hilo ni jepesi mno, na hapo ndipo unene unapoingia. Zamani soli nene ilikuwa nzito, na kila gramu 100 mguuni huongeza gharama ya kukimbia kwa karibu asilimia 1. Povu jepesi liliondoa kikwazo hicho: kiwanda kikaweza kurundika zaidi, na povu likiwa nene huminywa zaidi na kuhifadhi nguvu zaidi.

Bamba la kaboni lililo ndani ya soli je? Lenyewe huzuia vidole kukunjika kupita kiasi, na umbo lake lililopinda kama kijiko humsaidia mkimbiaji kubingirika mbele. Pia hulishikilia povu laini lisiyumbe. Lakini watafiti walipolikata bamba mara kadhaa kwa upande, ugumu ukatoweka, nishati iliyotumika ilibadilika kwa chini ya asilimia 1. Mimi nalihesabu bamba kuwa msaidizi wa povu.

Shirikisho la Riadha Duniani nalo halikulipiga bamba marufuku. Mwezi Januari 2020, miezi michache baada ya Eliud Kipchoge kukimbia saa 1:59:40 kule Vienna na Brigid Kosgei kuvunja rekodi ya wanawake Chicago siku iliyofuata, lilitangaza kwamba kiatu cha barabarani kiwe na bamba moja tu na soli isiyozidi milimita 40. Unene huhesabiwa kuanzia mguu unapokanyaga ndani hadi chini kabisa, soli ya ndani ikiwemo. Kwa mbio za uwanjani, tangu Novemba 2024 kikomo ni milimita 20, kwa hiyo kiatu cha barabarani cha milimita 40 hakiingii mashindanoni kwenye kiwanja.

Hakuna kanuni ya maumbile inayosema 40. Viatu vilivyokuwa tayari sokoni vilikaribia hapo, na shirikisho likaweka ukingo pale walipofika viwanda. Bila ukingo, mashindano yangekuwa ya kurefusha miguu kwa povu.

Septemba 2021, katika mbio za marathoni za Vienna, Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza kwa saa 2:09:22. Viatu vyake vilipokaguliwa, soli ilikuwa milimita 50. Fomuni alikuwa ameandikisha kiatu kingine, halali. Ushindi ukaenda kwa Mkenya Leonard Langat, aliyefika sekunde 3 nyuma. Hakuna awezaye kusema milimita hizo 10 zilimpa Hurisa sekunde ngapi. Sheria hupima kiatu, haipimi faida.

Na faida yenyewe haigawanyiki sawa. Wakenya 7 wa kiwango cha dunia walipopimwa, mmoja alipata nafuu ya zaidi ya asilimia 11 kuliko kwa kiatu bapa, na mwingine akapata hasara ya karibu kiasi hichohicho.

Basi pale Kibuye, acha kukunja. Bonyeza povu pembeni kwa kidole gumba: likibaki limebonyea, au likiwa na makunyanzi yaliyojipanga kama mikunjo ya shati, limechoka. Weka jozi mezani uitazame kwa nyuma, uone kama kisigino kimelala upande mmoja. Bamba hudumu kuliko povu, kwa hiyo kiatu kilichokwisha kazi bado kitagoma kukunjika mikononi mwa muuzaji.