Ile ya Njano, Yenye Jahazi

Bibi anapomtuma mjukuu dukani, hamtajii jina la kampuni. Anamwambia: "Kachukue bizari ile ya njano, yenye jahazi. Akikupa nyingine, mrudishie." Mtoto anakwenda akikariri njiani: ya njano, ya jahazi. Kwa bibi, hiyo ndiyo chapa. Jina lililoandikwa kwenye cheti cha usajili huenda hajawahi hata kulisoma.

Warithi wengi wa biashara za familia hukwama hapo. Kijana anaachiwa kiwanda na baba yake, anaitazama paketi, anaona imepitwa na wakati, anamwita mchoraji. Miezi mitatu baadaye paketi ni nyeusi inayong'aa, yenye maandishi membamba ya fedha. Bibi akiletewa anaigeuza mara mbili, kisha anauliza swali moja tu: "Hii si feki?"

Swali hilo lina msingi. Katika masoko yetu bidhaa za kughushi ni nyingi, na mnunuzi amejifunza kwamba kifungashio kikibadilika ghafla, pengine na kilichomo ndani kimebadilika. Mteja mzee si lazima awe anachukia mambo mapya. Anachokosa ni ile alama iliyokuwa ikimhakikishia kwamba hajaibiwa.

Wauza kanga walilijua hili zamani. Kampuni ya familia ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, inajulikana kwa wanunuzi kwa maneno yanayochapwa kwenye kitambaa: "Mali ya Abdulla". Mapambo ya mji na pindo hubadilika, na jina la kanga hubadilika kila toleo. Kanga huwa mpya daima, ila alama ya mwenye mali ndiyo inayomwambia mnunuzi kwamba aliyoishika ni ile ile.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mchoraji, mrithi akae kwanza dukani na daftari. Tuchukue mfano wa kubuni: kiwanda kidogo cha familia kinachosaga bizari ya pilau na kuiuza kwenye paketi za karatasi za gramu 100. Kwa wiki mbili mrithi anakaa katika maduka matatu, akiandika maneno ya kila anayekuja kununua, bila kuyasahihisha. Tuseme amepata wanunuzi 120. Kati yao, 64 wamesema "ya njano", 31 wamesema "ya jahazi", 17 wamemtaja mzee mwanzilishi, na 8 tu ndio waliotaja jina rasmi la bidhaa.

Daftari hilo limeshachora mpaka. Rangi ya njano na jahazi haviguswi, wala jina la mzee halifutwi. Mtindo wa herufi, mpangilio wa maandishi, aina ya karatasi na jina rasmi, ambalo karibu hakuna anayelitumia, vinaweza kubadilishwa bila wasiwasi mkubwa. Hata jahazi lenyewe linaweza kuchorwa upya kwa mistari safi, mradi tanga lielekee upande ule ule na mtoto aliyetumwa alitambue akiwa mlangoni.

Kuna mambo ambayo daftari halitayanasa, kwa sababu wanunuzi hawayasemi. Wazee huminya paketi ya karatasi na kuinusa kabla ya kulipa. Mfuko wa plastiki yenye karatasi ya fedha ndani huhifadhi harufu vizuri zaidi kuliko karatasi, lakini huifungia ndani, na mnunuzi anapoteza njia yake ya kukagua mali. Dawa yake ni rahisi: mpe mwenye duka kopo dogo la bizari ya kunusisha, likae kaunta. Vilevile herufi nyembamba kwenye karatasi inayong'aa humpa shida mtu ambaye macho yake yameanza kuchoka. Uzito, bei na tarehe ya mwisho wa matumizi viandikwe kwa herufi nene na nyeusi juu ya ile njano.

Kosa linaloumiza zaidi ni kubadili sura na kipimo kwa wakati mmoja. Mrithi anaona gharama ya mfuko mpya imepanda, anapunguza gramu 100 ziwe 80, bei anaiacha palepale. Mama mwenye mkono wa kupika hujua siku hiyo hiyo, kwa sababu pilau ya kilo mbili za mchele aliyozoea kuitia paketi nzima imepwaya. Tangu hapo sura mpya na udanganyifu huwa kitu kimoja kichwani mwake. Kama bei lazima ipande, ipandishe waziwazi katika paketi ya zamani, watu waizoee, ndipo miezi kadhaa baadaye ubadili sura.

Kampuni kubwa nazo zimelipia somo hili. Januari 2009, Tropicana ya Marekani iliondoa kwenye paketi zake za juisi picha ya chungwa lililochomekwa mrija, ikaweka glasi ya juisi. Mauzo yalishuka kwa takriban asilimia 20 katika wiki chache, na mwezi Februari kampuni ikatangaza kuirudisha paketi ya zamani. Juisi ilikuwa ile ile, lakini watu walipofika kwenye rafu hawakuiona.

Sharubati nzito ya Lyle's ya Uingereza, iliyoanzishwa na familia ya Abram Lyle katika karne ya 19, ilipita njia nyingine. Kopo lake lina picha ya simba aliyekufa na nyuki wanaomzunguka, kutoka kisa cha Samsoni katika Biblia. Mwaka 2024 wenye chapa hiyo walileta nembo mpya ya uso wa simba na nyuki mmoja kwenye chupa za plastiki na bidhaa nyingine, lakini kopo la zamani wakaliacha na simba wake yule yule. Anayetaka kopo la mama yake bado analikuta.

Hata kiwanda kidogo kinaweza kufanya hivyo. Mifuko mipya ianze kwenye maduka makubwa, ambako wanunuzi wengi ni wageni. Maduka ya mtaani yaendelee na karatasi mpaka shehena iishe, kisha kwa muda aina zote mbili zikae bega kwa bega. Mfuko mpya ubebe picha ndogo ya paketi ya zamani kwa miezi sita. Mwenye duka aambiwe mapema, maana ndiye atakayeulizwa kama ni feki. Akisitasita kidogo tu, mteja amekwenda.

Utajuaje kama umekosea? Usitazame mauzo ya jumla tu, kwa sababu wateja wapya wanaweza kuficha kuondoka kwa wa zamani. Tazama maduka ya mtaani peke yake, moja moja: lililokuwa likiagiza kila wiki, je, sasa linaagiza kila baada ya wiki mbili? Linganisha Ramadhani na Ramadhani, si Machi na Machi, maana mwezi huo husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka na bizari hufuata futari. Na mwenye duka ahesabu wanaouliza, "Ile ya zamani ipo?" Idadi hiyo ikipungua wiki hadi wiki, watu wanazoea. Ikikatika ghafla huku na maagizo yakishuka, hawajazoea. Wamehamia kwa jirani.

Hata ukifanya yote haya, huwezi kuwabakiza wazee milele, na biashara isiyopata vijana itazeeka pamoja nao. Lakini vijana wenyewe wanatoka wapi? Wengi ni wale waliotumwa dukani utotoni, wakikariri njiani. Siku watakapoanza kupika jikoni kwao, watakachokitafuta kwanza kwenye rafu ni ile ya njano, yenye jahazi.